Uhuru wa Kujitolea

Lori lilikuwa limeshaliacha lango la soko la nafaka, limeshapita kituo cha mafuta, na sasa lilikuwa likipanda kile kilima chenye ukuta mrefu wa hospitali upande wa kushoto. Hapo ndipo mzee aliyekaa kiti cha abiria alipoinama ghafla akajifanya anafunga kamba za kiatu. Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba. Kilikuwa kile kiatu cha kliniki, kipana kama mkate, chenye mikanda miwili ya kunata, na mguu wa kulia uliokuwa ndani yake ulikuwa umezungushiwa bendeji mpaka kwenye kifundo.

Dereva alimtazama kwa jicho moja, la pili akaliacha barabarani. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za mvi, lakini ufundi wote aliokuwa nao aliupata kwa mzee huyu, alipokuwa utingo wake miaka ile. Na mwanafunzi hata akiota mvi hamwiti mwalimu wake kwa jina.

"Bosi," alisema, "unamkimbia nani?"

"Sista mmoja."

"Kwa umri huo?"

"Wa hospitali, mjinga wewe. Kanyaga mafuta."

Mzee huyo barabara nzima ilimjua kwa jina la Breki, na lilikuwa jina la kejeli, kama vile mtu mnene anavyoitwa Sindano. Miaka thelathini na minane aliendesha malori, na hakuna aliyewahi kumwona akilala mji mmoja siku tatu mfululizo. Marehemu mkewe alikuwa akiwaambia majirani kwamba yeye hakuolewa na mtu, aliolewa na honi: anaisikia ikija, anaisikia ikienda. Alipostaafu, au tuseme macho na sukari vilipomstaafisha, Breki alipanga chumba karibu na soko la nafaka kwa sababu moja tu, kwamba akikaa dirishani aliyaona malori yakipakia.

Kidonda kilianza kwa kokoto. Watu wa sukari miguu yao hufa ganzi, na yeye alitembea na kokoto ndani ya kiatu kutwa nzima bila habari, mpaka jioni alipovua soksi akaikuta imelowa damu. Tangu hapo kliniki ya miguu ikawa inamsafisha kila wiki. Walimkalisha kwenye kiti kirefu, wakamkata nyama iliyokufa pembeni mwa kidonda kwa kisu kidogo, na kwa kuwa hakusikia maumivu yoyote, alikuwa akiwasimulia safari zake huku wao wanakata. Walimpenda. Mgonjwa anayechekesha hapatikani kila siku kwenye chumba kama kile.

Ni huko utafiti ulikomkuta. Muuguzi wa utafiti alikuwa mwanamke mtulivu wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti ya msomaji wa taarifa ya habari. Alimkaribisha kwenye chumba kidogo chenye meza, viti vitatu na kabati la mafaili, akamsomea karatasi ya maelezo, kurasa tatu. Kuna vidonge vipya, alisema, vinajaribiwa kuona kama vinasaidia vidonda vya miguu kupona upesi. Kompyuta ndiyo itakayogawa watu, kama mtu anavyorusha sarafu: wengine watapata vidonge vyenye dawa, wengine vidonge vinavyofanana navyo lakini ndani havina dawa, na hata yeye muuguzi hatajua nani kapata vipi. Kusafishwa kidonda kutaendelea kwa wote. Vidonge vinaweza kuleta kichefuchefu, kuharisha au kuumwa kichwa; pale panapotolewa damu mkono unaweza kuvilia; na kwa kuwa dawa ni ngeni, huenda kuna madhara mengine yasiyojulikana bado. Kuhusu faida, huenda yeye mwenyewe asipate hata moja.

Breki alipenda sana hapo. Maishani mwake hakuwahi kukutana na mchuuzi anayeanza kwa kukwambia kwamba bidhaa yake huenda haifanyi kazi.

Mwisho muuguzi alimwambia kwamba kushiriki ni hiari yake, hakuna wa kumlazimisha, na kwamba hata akikubali, siku yoyote anaweza kujitoa na kliniki itaendelea kumtibu kama kawaida. Hakumharakisha. Alimwambia aende na ile karatasi nyumbani, aisome, amuulize anayemwamini. Breki alirudi siku ya tatu akatia sahihi, akapewa nakala yake, akaikunja mara nne akaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na leseni yake ya udereva iliyokwisha muda.

Kilichomshinda haikuwa dawa. Ni kweli kwamba asubuhi tumbo lilikuwa likimpanda, lakini mtu aliyekunywa chai za barabarani miaka thelathini na minane hababaishwi na tumbo. Kilichomshinda ilikuwa Jumanne. Kliniki ya kawaida ungeweza kuhama siku. Ukikosa leo unakwenda keshokutwa, wanakukaripia kidogo, basi. Lakini utafiti ulitaka Jumanne, saa tatu asubuhi, wiki ishirini na nne, mguu upigwe picha, kidonda kipimwe kwa rula, vidonge vihesabiwe. Mtu huyu hakuwahi kuwa na Jumanne tangu azaliwe. Alikuwa na masika na kiangazi, alikuwa na kupakia na kupakua. Ilipofika wiki ya saba alianza kuota ndoto za kufungwa gerezani, na mlinzi wa gereza hilo alikuwa kalenda.

Basi akaamua kuacha. Lakini kabla ya kwenda kusema, alitoa ile karatasi aione kwanza. Kwa dereva wa malori neno la mdomo ni upepo. Ofisa wa mpakani anaweza kukuchekea, akakuuliza habari za watoto, akakwambia pita baba. Ukifika geti la pili ukaulizwa karatasi, yule aliyekwambia pita yuko kwenye chai. Breki alivaa miwani, akasoma kwa kidole mstari kwa mstari. Kurasa mbili za kwanza maandishi yalikuwa madogo kama siafu. Ukurasa wa tatu ulikuwa na herufi kubwa, nzuri, na hapo ndipo alipokuta haya:

*Una uhuru wa kujitolea wakati wowote bila kutoa sababu. Ukijitolea, utaendelea kupata matibabu yako ya kawaida katika kliniki hii kama wagonjwa wengine.*

Alisoma mara nne. Maneno hayakubadilika. Ukijitolea, utaendelea kutibiwa. Na asiyejitolea? Karatasi ilikuwa kimya, lakini Breki alikijua kimya cha karatasi. Ubao ukiandikwa kwamba wenye kibali watapita, hauna haja ya kuongeza kwamba wasio na kibali watalala hapo hapo.

Yote haya alimsimulia dereva walipokuwa wameshauacha mji nyuma. Dereva alifikiri kwa umbali wa kama kilomita mbili.

"Kwa hiyo ulipotia sahihi," alisema, "ndiyo wamekufunga lakiri. Kama kontena."

"Kama kontena."

"Na ukisema unatoka, hawakusafishi tena mguu."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na ukikimbia bila kusema?"

Hilo Breki hakuwa amelifikiria vizuri. Alichokuwa anajua ni kwamba leo ni Jumanne, saa tatu imekaribia, na gurudumu linazunguka. Saa tatu na nusu simu yake iliita mfukoni. Aliitazama namba, akairudisha ikaendelea kuita pajani kwake kama kuku aliyefungwa. Iliita tena kesho yake, na keshokutwa.

Alishushwa mchana kwenye mji ambao dada yake alikuwa akiishi. Dada huyo alimpita miaka sita, na mama yao alipofariki ndiye aliyemlea, kwa hiyo hata sasa alipokuwa na wajukuu alikuwa anamwita "wewe mtoto". Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mitano. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na kibaraza, kila kitu kimepangwa kwa mstari, hata ndoo. Hakuuliza kilichomleta mdogo wake. Alizoea kumwona akitokea kama mvua isiyotangazwa. Aliuliza tu atakaa siku ngapi ili ajue apike unga kiasi gani, naye Breki akasema siku mbili, na wote wawili walijua kwamba siku mbili za Breki huwa ni moja.

Safari hii zikawa tatu. Siku ya tatu, Ijumaa, dada alipokuwa akifagia kibaraza aliona alama ya unyevu kwenye sakafu, mbele ya kiti, umbo la soli. Aliweka ufagio chini. Alimwamuru avue kiatu. Breki alianza kusema ni maji ya kuoga, akatazamwa kwa yale macho ya darasani, akavua. Bendeji ilikuwa imelowa rangi ya chai, na harufu yake haikuhitaji mtu kuinama.

Walikwenda zahanati ya hapo mtaani. Tabibu alifungua, akatazama, akaosha kwa maji ya chumvi, akafunga upya. Alikuwa mtu wa maneno machache na dawa chache. Alisema kidonda hiki si cha hapa, kinataka kliniki ya miguu, watu wenye visu vyao na kazi yao, na kwamba pembeni mwa kidole kidogo alikuwa ameona rangi asiyoipenda. Akawaambia asikae hata wiki. Akamuuliza kwa nini aliacha kwenda.

Breki aliitazama dari.

Walipofika nyumbani dada hakupiga kelele. Alimkalisha mezani kama mtoto aliyekamatwa na majibu ya mtihani, akasema anamsikiliza. Ndipo Breki alipotoa ule mfuko wa plastiki. Alisema yeye hana tatizo na kliniki, anaitaka kliniki, tatizo ni kwamba ameshajitolea, na akiuacha utafiti kliniki nayo inafungwa, imeandikwa, na yeye hawezi Jumanne nyingine kumi na saba, afadhali mguu.

"Afadhali mguu," dada alirudia.

"Ni namna ya kusema, dada."

"Lete hapa."

Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akarudi wa kwanza. Kisha alinyoosha mkono kwenye kopo la peni akatoa peni nyekundu, maana kuna watu wasioweza kusoma bila kushika kitu.

"Hapa mwanzo wanasema unashiriki kwa hiari yako."

"Ndiyo."

"Maana yake umeshajitolea."

"Si ndiyo nakwambia? Nimekwisha."

"Nyamaza kidogo. Ukurasa wa tatu wanakupa uhuru wa kujitolea wakati wowote. Mtu aliyekwisha oga anapewa ruhusa ya kuoga?"

Breki alisema labda ni kuoga mara ya pili. Dada hakumsikia. Alikuwa ameshika mstari kwa ncha ya peni.

"Na hapa, 'bila kutoa sababu'. Anayejitolea anaulizwa sababu na nani? Anashukuriwa. Anayeulizwa sababu ni yule anayeondoka." Alizungushia herufi mbili duara jekundu katikati ya neno, kisha mbili nyingine katika sentensi iliyofuata. "Nimesahihisha insha miaka thelathini na mitano, wewe mtoto. Hili si neno la mtu aliyefikiri. Hili ni neno la mkono uliozoea. Toa hiyo *le*, usome tena."

Breki alisogeza karatasi karibu na pua, akasoma polepole: una uhuru wa kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, ukijitoa, utaendelea kupata matibabu yako ya kawaida. Yalikuwa yale yale aliyoambiwa kwa mdomo siku ile. Kwa muda kidogo uso wake ulifunguka, kisha ukajifunga tena kama duka lililosikia habari mbaya.

Alisema dada yake ni mwalimu mzuri, lakini peni nyekundu haina muhuri. Je, akienda kule wakashika karatasi yao wakasema sisi tunafuata ilivyoandikwa?

Dada angeweza kukasirika, lakini alimjua. Aligeuza ukurasa kutafuta mwenye muhuri. Chini kabisa kulikuwa na namba mbili za simu. Ya kwanza ilikuwa ya muuguzi wa utafiti, ile ile iliyokuwa ikiita siku tatu. Ya pili ilikuwa ya kamati ya maadili, kwa yeyote mwenye swali au lalamiko kuhusu haki zake kama mshiriki. Mwalimu mwenye shida na mwalimu mwenzake huenda kwa mkuu wa shule. Alipiga ya pili.

Aliyepokea alijitambulisha kama katibu wa kamati, mwanamume mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuandika huku anasikiliza. Dada alimsomea mstari kama ulivyo. Katibu alimwomba asome tena, herufi kwa herufi. Kisha akamuuliza kilichoandikwa chini kabisa ya kila ukurasa. Ukurasa wa kwanza, dada alisema, kuna "Toleo la 2", tarehe, na muhuri wa kamati. Wa pili, vile vile. Wa tatu, hakuna kitu. Mweupe.

Katibu akasema mambo mawili. La kwanza, karatasi hiyo wasiitupe. La pili alilisema taratibu, na dada akaiweka simu kwenye sauti ya juu ili mdogo wake alisikie kwa masikio yake.

"Mwambie mzee arudi kliniki kwa ajili ya mguu wake, asitusubiri sisi. Matibabu yake ni haki yake. Alikuwa nayo kabla ya utafiti, anayo sasa, na atakuwa nayo akiuacha. Hilo halina toleo."

Breki aliuliza kwa sauti ya chini kama mtu huyo ana muhuri. Dada akamwambia muhuri wenyewe unakaa mezani kwake.

Jumatatu alfajiri waliondoka pamoja. Njia nzima Breki alikuwa kimya, jambo lililomtia dada yake wasiwasi kuliko ule mguu. Ukweli ni kwamba alikuwa anatunga. Hawezi mtu kusimama mbele ya ofisi akasema naondoka kwa sababu sipendi Jumanne. Mpaka wanafika kwenye ukuta wa hospitali alikuwa amemuua mjomba wake, aliyekwisha kufa miaka ishirini iliyopita, akamzika upya mkoa wa mbali, akajipa yeye mwenyewe jukumu la kutunza mashamba ya marehemu. Alijaribu hata sura ya huzuni kwenye kioo cha dirisha.

Chumba cha kusafisha vidonda kilimpokea kama vile hakuwahi kukosa. Alipandishwa kwenye kiti kirefu, mguu ukafunguliwa, kisu kidogo kikafanya kazi yake kwa karibu saa nzima. Daktari aliitwa kutazama kidole. Alibonyeza, akanusa, akaandika dawa ya sindano na picha ya mfupa, akasema wamekuja kwa wakati, japo si kwa wakati mzuri sana. Hakuna aliyemuuliza yuko utafiti gani. Mmoja alimuuliza tu ile hadithi ya lori lililobeba nyuki iliishiaje.

Kisha akaenda kwenye kile chumba kidogo, dada yake nyuma.

Muuguzi wa utafiti alikuwa ameshapigiwa simu na kamati Ijumaa ile ile. Mezani alikuwa na karatasi ya maelezo yenye mihuri mitatu. Aliwaomba nakala yao, akailaza kando ya ile nyingine, akaweka kidole juu ya mstari, hapa na hapa. Kwenye karatasi ya kamati liliandikwa *kujitoa*. Kwenye ya Breki, *kujitolea*, na duara jekundu la mwalimu.

Alieleza bila kuzunguka. Wagonjwa wazee walikuwa wakilalamika kwamba namba za simu za ukurasa wa tatu hazisomeki. Karani wa utafiti, mama mwenye miwani minene ambaye mwenyewe alikuwa anajua adha ya macho, aliwaonea huruma akaupiga chapa upya ukurasa ule kwa herufi kubwa. Siku zote ndiye aliyekuwa akiandika barua za wahudumu wa kujitolea wa hospitali, kumi kwa siku, na mkono ukaenda ulikozoea. Hakumwonyesha mtu, hakuupeleka kwenye kamati. Aliubana pamoja na zile kurasa mbili zenye muhuri, na watu kumi na wanane wakapewa.

"Lakini mimi ndiye niliyekusomea," muuguzi alisema. "Ile karatasi naijua kwa kichwa. Nilikuwa nakutazama wewe, sikuwa naitazama yenyewe. Nilisema moja, nikakupa nyingine. Nisamehe, baba."

Breki alikuwa amejiandaa kwa vita. Kwa msamaha hakuwa amejiandaa, akakohoa. Dada ndiye aliyejibu, akasema kosa dogo kama hilo hata yeye lingempita siku ya jua kali, jambo ambalo halikuwa kweli.

"Sasa nakuuliza upya," muuguzi alisema, "kwa sababu sikukuuliza vizuri mara ya kwanza. Unaweza kuendelea, unaweza kujitoa. Ukitaka siku za kufikiri, zipo."

Breki alivuta pumzi, akaweka ile sura ya huzuni.

"Mwanangu, hali yenyewe ilivyo, mjomba wangu—"

Muuguzi aliinua kiganja, taratibu, kama mtu anayesimamisha gari la mtoto.

"Sababu siulizi, baba."

"Hata kidogo?"

"Kama vidonge vilikusumbua ningependa kujua, kwa usalama wako na wa wengine. Zaidi ya hapo, nitaandika amejitoa, na tarehe."

Dada alimtazama mdogo wake kwa pembeni. Yule mjomba alikuwa mjomba wake pia, na alihudhuria mazishi yake. Miaka thelathini na minane, kila geti alilofika Breki lilitaka kujua anatoka wapi, anakwenda wapi, na kwa nini. Alikuwa amebeba uongo mzito namna ile umbali wote, na sasa hapakuwa na pa kuupakua. Akajikuta anasema ukweli: kwamba asubuhi alipata kichefuchefu, wiki sita mfululizo, na kwamba aliruka vidonge kadhaa. Muuguzi aliandika. Kisha Breki akasema, "Najitoa," kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Kilichobaki kilichukua nusu saa. Muuguzi alimweleza kwamba majibu waliyokwisha kuyachukua mpaka leo yatabaki kwenye utafiti bila jina lake, lakini kuanzia leo hawatachukua mengine. Kuhusu damu iliyobaki kwenye jokofu, alimuuliza iharibiwe au ibaki. Breki akasema ibaki, yeye haidai. Akamuuliza kama angependa kupimwa mara ya mwisho kuhakikisha vidonge havikumwachia athari, napo anaweza kukataa. Alikubali. Akatoa kichupa cha vidonge kutoka mfukoni, muuguzi akavihesabu juu ya kisinia kwa kijiti, viwili viwili, akaandika idadi.

"Basi?" Breki aliuliza.

"Basi."

Hakuinuka. Dada alimgusa kiwiko. Akasema kwamba kama si usumbufu angeomba hayo yaliyoandikwa yatolewe nakala, na nakala hiyo igongwe muhuri. Dada aliziba macho kwa mkono. Muuguzi hakucheka, alikwenda kutoa nakala, akatia sahihi, akagonga muhuri wa kliniki, akaupuliza wino ukauke, akampa kwa mikono miwili.

Kamati ilisimamisha uandikishaji wa watu wapya katika kituo kile kwa wiki tano. Daktari mkuu wa utafiti aliandika taarifa ya kosa lile, na karatasi mpya ikatengenezwa, kurasa zote tatu kwa herufi kubwa, ikapitishwa kama Toleo la 3. Wale kumi na wanane wote waliitwa mmoja mmoja wakaelezwa na kuulizwa upya. Kumi na watano waliendelea. Watatu walijitoa, Breki akiwa mmoja wao; mwingine alikuwa mwanamke aliyetaka kuacha tangu wiki ya pili na alikuwa akija huku analia njiani. Karani alipewa onyo la maandishi, akabaki kazini, na tangu hapo hapigi chapa kitu chochote cha utafiti bila mtu wa pili kukisoma. Muuguzi wa utafiti huwasomea wagonjwa akiwa ameshika karatasi mkononi, mstari kwa mstari, na huchukua dakika kumi zaidi. Utafiti ulimalizika mwaka uliofuata. Vidonge vile havikuonekana kuwa na tofauti kubwa na visivyo na dawa. Washiriki waliambiwa wanaweza kuuliza walikuwa kundi gani, Breki hakuuliza.

Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikatwa. Kidonda kilifunga baada ya miezi minane. Dada yake alivunjika nyonga mwaka huo, akapona, anatembea kwa fimbo. Yule dereva wa ndevu aliuza lori akafungua gereji. Breki anaishi kile kile chumba karibu na soko la nafaka, huenda kliniki siku anayopata, na kati ya siku hizo huwa hayupo.